Mkopaji Akishindwa, Nani Analipa? Tulivyopima Kazi ya Afisa Mikopo

Mwezi uliopita watu watatu wa kundi letu waliitwa kwenye usaili wa kazi moja inayofanana: afisa mikopo. Mmoja aliitwa na mradi wa mikopo humu kambini Dzaleka, wawili waliitwa na kampuni ya mikopo midogo Lilongwe. Kazi hii vijana tunaipenda. Haiombi digrii kubwa, inataka mtu anayejua watu na lugha, na Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Chichewa sisi tunavyo. Wengine wanapewa na pikipiki.

Kabla hawajaenda tulikaa pamoja siku mbili. Tulikuwa na wenzetu wanne waliowahi kuifanya kazi hiyo, wawili kati yao waliiacha kwa machungu. Tulichotoa humo tunakiandika hapa, juu wengi wetu tunapima kazi kwa kuangalia mshahara tu. Mshahara wa afisa mikopo hauwezi kuusoma peke yake. Unausoma pamoja na mambo matatu: umepewa lengo la wateja wangapi, hao wateja wana hatari gani ya kushindwa kulipa, na wakishindwa ofisi inakufanyia nini wewe. La tatu ndilo tunalosema muulize la kwanza.

Lengo: lipime kwa saa, siyo kwa moyo

Kampuni ya Lilongwe ilisema hivi: unapokea wateja 180, baada ya miezi sita wawe 300. Wateja ni wamama wa sokoni, wako kwenye vikundi vya watu 15, kila kikundi kinakutana mara moja kwa wiki. Mkopo ni wa miezi minne. Mshahara 280,000 kwacha, na bonasi ukifikisha lengo. Mtu akisikia hivyo anasema, wateja 120 zaidi kwa miezi sita ni 20 kwa mwezi, si kitu.

Mwenzetu aliyefanya kazi hiyo miaka miwili alichukua kalamu. Alisema, kwanza mjue kwamba ndoo inavuja. Kwa wastani utakuwa na wateja 240 katika hiyo miezi sita. Mkopo ukiwa wa miezi minne, maana yake kila mwezi wateja 60 wanamaliza deni. Si wote wanarudi kukopa. Tuseme mmoja kwa watano anaondoka: amechoka na riba, amehama, au mume amekataa. Hao ni 12 kila mwezi. Kwa hiyo ili uongeze 20 unatakiwa kutafuta 32.

Sasa hesabu saa. Wateja 240 ni vikundi 16. Kikao pamoja na njia ni kama saa mbili, kwa sababu mtu anatoka Area 25 anakwenda Kawale, minibasi inangoja ijae, na kikao hakianzi mpaka mama wa mwisho afike. Vikundi 16 mara saa mbili ni saa 32 kwa wiki. Wiki ya kazi ni saa 40. Zinabaki nane, yaani kama saa 35 kwa mwezi, na humo ndimo unafanya makaratasi, unafuatilia waliochelewa, na unatafuta wapya.

Mteja mpya mmoja ukimpima vizuri anakula saa mbili. Unakwenda kuona biashara yake, unahesabu mzigo, unakwenda nyumbani, unaongea na jirani, unaongea na mdhamini. Wateja 32 ni saa 64, na wewe una 35 za kila kitu. Basi lengo lile linafikiwa kwa njia moja tu: usiwapime. Unachukua majina ambayo mwenyekiti wa kikundi amekupa, unasaini, pesa inatoka. Miezi mitatu baadaye wanaanza kushindwa kulipa, na ofisi inakuuliza wewe kwa nini ulikopesha watu usiowajua.

Ndiyo maana tunasema lengo kubwa na deni bovu ni kitu kimoja kwa nyakati mbili. Ukisikia lengo, usijibu "nitajitahidi." Uliza vikundi viko wapi, vinakutana siku gani, mkopo ni wa miezi mingapi, na wateja wangapi hawarudi. Halafu piga hesabu ya saa.

PAR30: namba ambayo bosi anaiangalia kila asubuhi

Fedha zote walizobaki nazo wateja wako zinaitwa potifolio yako. Kwenye ripoti ya ofisi kuna namba nyingine inaandikwa PAR30. Inajibu swali hili: katika fedha zote zilizo nje kupitia wewe, ni asilimia ngapi iko kwa watu waliochelewa kulipa zaidi ya siku 30? Ofisi nyingi zinataka isizidi 5. Ikifika 10, mkuu wa tawi hapati usingizi, na wewe hupati pia.

Wengi hawajui kwamba namba hii haihesabu zile wiki zilizochelewa tu. Mama amebakiza 120,000, analipa 15,500 kwa wiki, amekosa wiki tano. Aliyochelewesha ni 77,500. Lakini PAR30 inahesabu 120,000 yote, kwa sababu mtu aliyekosa wiki tano anaweza kukosa na zilizobaki. Sasa tuseme una wateja 200 wa namna hiyo, potifolio yako ni 24,000,000. Kikundi kimoja cha watu 15 kikivunjika, wakigombana, wote wakaacha kulipa, ni 1,800,000. Gawanya: asilimia 7.5. Kikundi kimoja tu, na wewe umeshavuka mstari.

Kuna njia mbili za kuishusha namba hiyo. Ya kwanza ni kurudi kwa wale wamama, kuwapatanisha, kukusanya. Inachukua wiki nyingi. Ya pili ni kugawa mikopo mipya haraka. Potifolio ikifika 36,000,000, ile 1,800,000 inakuwa asilimia 5 na ripoti inapendeza, wakati hakuna hata kwacha moja iliyorudi. Kuna na ya hatari zaidi: kumpa mdaiwa mkopo mpya ili alipe wa zamani. Ofisi inayosifu namba bila kuuliza imeshukaje inafundisha maafisa wake ujanja huo.

Kwa hiyo ukiambiwa "unapokea wateja 180," usiguse kalamu. Wale wateja wana historia. Omba orodha inayoonyesha kila mteja, salio lake, na amechelewa siku ngapi: chini ya 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90. Omba iandikwe nani aliwakopesha. Halafu wiki za kwanza tembelea kila mmoja ukiwa na mtu wa ofisi, mteja asaini salio analolikubali. Maafisa wanaoondoka kwa hasira wakati mwingine wanaacha majina ya watu ambao hawapo, au wamama wanaosema "mimi nilishamaliza kwa yule kaka." Ukisaini bila kuwaona, deni lao limekuwa lako.

Hatari: kuna ya mtu, na kuna ya watu wote

Mkopaji mmoja akiugua, au akinywa pesa, hiyo ni hatari ya mtu mmoja. Afisa mzuri anaweza kuipunguza kwa kupima vizuri, na kikundi kinaweza kumbeba. Lakini kuna hatari inayopiga wote siku moja, na hapo dhamana ya kikundi haisaidii, juu mwenye kumbeba mwenzake naye ameanguka.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi nje warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe na sehemu nyingine. Maduka yalifungwa. Mtu aliyekuwa na kiosko na deni alijikuta kambini na deni bila kiosko. Novemba mwaka huo huo kwacha ilishushwa thamani: dola iliyokuwa karibu 1,180 ikawa 1,700. Mama anayeuza vitenge vya Tanzania alikuwa na mtaji uleule wa kwacha, lakini mzigo ukawa mdogo. Hapa kambini kuna na nyingine mbili. Msaada wa WFP ukipunguzwa, mauzo ya muuza mboga yanashuka mara moja, kwa sababu wateja wake ni sisi. Na mtu akipata safari ya kwenda nchi ya tatu, anaondoka. Hatumlaumu, kila mtu anaiombea siku hiyo. Lakini wenzake wanabaki na salio lake.

Swali la kumuuliza mwajiri ni hili: likitokea jambo la kuwapiga wote, kuna utaratibu gani? Ofisi inayojua kazi itakuambia inaweza kusogeza tarehe kwa wote walioguswa, kwa barua, na mikopo hiyo inahesabiwa kando, haiingii kwenye bonasi ya afisa. Ofisi isiyojua itakuambia, "mteja ni mteja, kusanya."

Na kuna dalili moja ambayo ripoti haionyeshi. Mama analipa kila wiki, hachelewi hata siku moja, lakini kila ukipita mezani kwake mzigo umepungua. Jana ndoo mbili za samaki, leo moja, wiki ijayo nusu. Huyo analipa kwa katapila. Amekopa kwa mtu wa mtaani kwa riba kubwa ili asiaibike mbele ya kikundi. Kwenu Kongo mnaita Benki Lamberi, ni kitu kilekile. PAR30 yako bado ni sifuri, na wewe unajua kwamba huyo mama ataanguka. Afisa mwenye saa za kutosha anamwona mapema, anaongea naye, wanapunguza rejesho. Afisa mwenye vikundi 20 anachukua pesa na kukimbilia kikao kingine.

Wakishindwa, wewe unafanyiwa nini?

Mwenzetu mmoja alifanya kazi kwenye kampuni ambayo hatutaitaja. Mshahara ulikuwa 240,000. Mteja wake mmoja alitoroka kwenda Msumbiji. Mwisho wa mwezi alikuta amekatwa 60,000, na mwezi uliofuata tena, na wa tatu tena. Kwenye mkataba kulikuwa na mstari mmoja: mwajiriwa ni mdhamini wa mikopo anayoipendekeza. Vyeti vyake vya asili vilikuwa kwenye kabati la ofisi tangu siku ya kwanza, "kwa usalama." Kila jioni meneja aliweka kwenye kundi la Watsapu majina ya maafisa wenye madeni, na rangi nyekundu. Aliambiwa akae mlangoni kwa mdaiwa mpaka alipwe, akawa anarudi saa nne usiku. Mwishowe alianza kuwalipia wateja kutoka mfukoni ili jina lake litoke kwenye nyekundu. Alipoacha kazi, vyeti alivipata baada ya miezi miwili.

Tulimuuliza, kwa nini ulikubali kukatwa? Akasema, "Niliona ni haki. Mimi ndiye niliyemleta yule mtu."

Hapo ndipo tunataka vijana wasimame kidogo. Tuangalie kikundi kimoja. Kila mama anakopa 200,000 na kulipa 15,500 kwa wiki 16. Jumla ni 248,000, riba ni 48,000. Kikundi cha 15. Mmoja anatoroka wiki ya kumi, amebakiza malipo sita, yaani 93,000. Wenzake 14 wakimaliza, riba yao ni 672,000. Riba hiyo iliwekwa juu kwa makusudi. Ndani yake kuna gharama ya pesa, kuna mishahara, na kuna fungu la watu ambao watashindwa. Kampuni inajua tangu mwanzo kwamba baadhi watashindwa, na mkopaji mwaminifu ameshalipia hasara hiyo kwenye riba. Wakikukata na wewe, hasara moja imelipwa mara mbili.

Ni tofauti kabisa kama afisa amekula pesa ya mteja. Huo ni wizi, na adhabu ni halali. Mwajiri mbaya anachanganya mambo haya mawili kwa makusudi, ili kila deni lionekane kama kosa lako. Kinga yako ni kutogusa pesa taslimu. Wateja walipe kwa Airtel Money au Mpamba moja kwa moja kwenye namba ya kampuni. Kama ni lazima upokee mkononi, pawe na risiti ya nakala mbili na kitabu cha kikundi kisainiwe palepale. Tena mtu anayejulikana kutembea na pesa za vikundi vinne kwenye begi hayuko salama barabarani.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000, kifungu cha 57, inasema mwajiri hawezi kumfukuza mtu bila sababu halali inayohusu uwezo wake, mwenendo wake au mahitaji ya kazi, na akishutumiwa kwa mwenendo au utendaji lazima apewe nafasi ya kujitetea. Sisi wakimbizi tuna ugumu wa ziada: Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi iliweka masharti yake kuhusu haki ya kufanya kazi, na mtu anahitaji kibali. Bosi akijua kibali chako kinategemea barua yake, anajua pia kwamba utanyamaza. Kwa hiyo mambo yote haya yaulizwe kabla ya kusaini. Baada ya hapo sauti inapungua.

Tulivyozipima kazi mbili

Kazi ya kambini ilikuwa posho ya 130,000 tu. Wateja 90, vikundi sita, wote ndani ya Dzaleka, unakwenda kwa miguu. Hakuna bonasi. Mtu akichelewa siku 30 jina linakwenda kwa kamati, siyo kwa afisa peke yake, na hakuna makato. Karatasini ni kazi nzuri. Udhaifu wake ni kwamba mradi ni wa mwaka mmoja. Wakopaji wakisikia mradi unafunga wanaacha kulipa, kila mtu anafikiri kwa nini nilipe kwa watu wanaoondoka. Halafu afisa anaishi humu humu. Kaka yangu, wewe ni wa kwetu, nivumilie: utaisikia kanisani, kwenye bomba la maji, na usiku mlangoni. Dada yetu aliichukua, kwa sharti kwamba tarehe ya mwisho ya kutoa mikopo iwe miezi sita kabla ya mradi kufunga, ili madeni yaishe kabla ya tetesi kuanza. Walikubali, na wao wenyewe walisema hawakuwa wamelifikiria.

Lilongwe walikwenda wawili, wote wana vibali. Wa kwanza aliuliza kuhusu ule mstari wa udhamini wa mwajiriwa. Meneja alicheka, akasema, "Ukifanya kazi vizuri hautakugusa." Aliomba ufutwe. Wakakataa. Akarudi nyumbani bila kazi, na ana watoto wawili. Hatusemi ilikuwa rahisi.

Wa pili alipelekwa tawi lingine la kampuni hiyohiyo. Alikuta maafisa watano, wanne wana zaidi ya miaka miwili kazini. Hiyo peke yake ni habari. Tawi ambalo kila afisa ni mpya linakuambia jambo bila kufungua mdomo. Meneja wa pale alikubali aandike kwa mkono kwamba udhamini ni kwa mikopo atakayoipendekeza bila kumtembelea mteja, na fomu ya ziara iwe ushahidi. Alikubali pia orodha ya makabidhiano. Katika wateja 180 alitembelea wote, 11 hawakupatikana. Waliandikwa kwa jina la afisa aliyetangulia. Bila orodha ile, angeanza kazi na madeni 11 ya watu asiowajua.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma hapa, tunawaomba kitu kimoja. Mnapompa kijana wa kambini posho ili akusanye madeni kwa majirani zake, andikeni kwenye mkataba wake nini kinatokea mkopaji akishindwa. Msimwachie aulize, wengi hawataulize.

Na wewe unayesubiri kuitwa kwenye usaili, wakimaliza kukuuliza watasema, "Una swali?" Sema ndiyo. Waulize mara ya mwisho mteja alipotoroka, ile hasara iliandikwa wapi. Wakikujibu iliandikwa kwenye vitabu vya kampuni, endelea na mazungumzo ya mshahara. Wakianza kutazamana, omba mkataba ukausome nyumbani.